Mfuko ulioongoza mwaka jana umenitia kiwewe: nihamishe na fedha zilizobaki?

*Shikamoo mshauri. Nina fedha za ada ya chuo ya binti yangu, nitaanza kuzihitaji baada ya miaka mitatu. Kwa miaka mitano zilikaa kwenye mfuko wa mchanganyiko wa hisa na hatifungani, unaokua kwa wastani wa asilimia 9 kwa mwaka. Januari nikaona jedwali la mifuko: mfuko mmoja wa hisa ulikuwa umepanda asilimia 42 mwaka uliotangulia. Ofisini karibu wote walishaingia, nikajiona mjinga niliyebaki nje. Nikahamisha nusu, kila kipande nikakinunua kwa 142. Leo kipande ni 121. Nimejiapiza sitoki mpaka kirudi 142. Sasa wenzangu wanazungumzia mfuko mwingine wa hisa, umepata asilimia 38 katika miezi kumi na miwili iliyopita. Nihamishie huko nusu iliyobaki ili nifidie? Nimekuambatanishia karatasi ya taarifa ya mfuko wangu wa hisa. – Mzazi mwenye wasiwasi*

Marahaba, mwanangu. Nusu iliyobaki usiiguse. Ile iliyokwishaingia kwenye hisa nitakuambia cha kuifanya, lakini kwanza tuisome pamoja karatasi uliyonitumia, kwa sababu majibu yako mengi yamo humo humo, upande wa nyuma, kwa herufi ndogo.

Upande wa mbele una namba mbili zilizoandikwa kwa herufi nene: asilimia 42 ya mwaka jana, na asilimia 15.7 kwa mwaka, ambayo ni wastani wa miaka mitatu. Ya kwanza huwavuta wenye pupa. Ya pili huwavuta hata watu makini, kwa kuwa miaka mitatu inasikika kama muda wa kutosha kumjua meneja. Geuza sasa. Nyuma kuna jedwali la mwaka mmoja mmoja: asilimia 4, kisha hasara ya 12, kisha 6, kisha 3, halafu 42. Chukua kalamu. Aliyeingia na kipande cha 100 mwanzoni mwa jedwali alikuwa na 104 mwaka wa kwanza ulipoisha. Hasara ya mwaka wa pili ikamshusha hadi 91.5. Mwaka wa tatu akafika 97, na wa nne akafunga na 99.9. Miaka minne nzima, na hajapata hata senti. Mwaka wa tano peke yake ndio uliomfikisha 142, bei ileile uliyonunulia wewe.

Kwa hiyo mapato yote ya mfuko huu katika miaka mitano ni mapato ya mwaka mmoja. Ukiyasambaza, yanakuwa kama asilimia 7.3 kwa mwaka. Mfuko wako wa mchanganyiko, ule uliouona mzito, ulikuwa ukienda kwa asilimia 9. Katika miaka hiyohiyo mitano 100 yake ilifika karibu 154. Ulitoka kwenye mfuko ulioleta zaidi, ukaenda kwenye mfuko ulioleta kidogo, na siku hiyo uliona unafanya kinyume chake. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili kabla hatujaendelea.

Na ile 15.7? Rudi nyuma mwaka mmoja tu. Kama ungeichukua karatasi hii Januari ya mwaka uliotangulia, wastani wa miaka mitatu ungetokana na ile hasara ya 12, na 6, na 3. Ungesomeka kama hasara ya asilimia 1.3 kwa mwaka. Meneja ni yuleyule, ofisi ni ileile, mkakati ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mwaka mmoja mbaya umetoka kwenye hesabu na mwaka mmoja mzuri sana umeingia. Ndiyo maana wastani wa miaka mitatu unaopigiwa tarumbeta baada ya mwaka wa neema hauna miaka mitatu ndani yake. Una mwaka mmoja uliovikwa nguo za mitatu.

Akili zetu hufanya hivyohivyo bila karatasi. Jambo la karibuni lina uzito kupita lililopita zamani, na tunaliendeleza mbele kana kwamba ni tabia ya kudumu. Mwaka ule wa hasara ulipokuwa umetoka tu, sidhani kama kuna mtu ofisini kwenu aliyeutaja mfuko huu. Haukuwa mbaya kuliko leo. Wala leo si mzuri kuliko wakati ule. Tena kama ni bei, wakati ule vipande vilikuwa rahisi.

Kuna mstari mwingine chini ya jedwali ambao wasomaji wengi huuruka: faharisi ya soko, yaani kipimo cha mwendo wa bei za kundi zima la hisa, ambayo mfuko unajipima nayo. Mfuko wako unanunua hisa za kampuni ndogo, na faharisi ya kampuni hizo kwa miaka hiyohiyo inasoma 7, hasara ya 9, 8, 5 na 44. Linganisha mwaka kwa mwaka. Mfuko uko nyuma kwa pointi 3, 3, 2, 2 na 2. Hakuna hata mwaka mmoja ambao mfuko ulilishinda soko lake, na ule ulioufanya uongoze jedwali ni mmojawapo. Sasa tazama ada ya usimamizi: asilimia 2.5 kwa mwaka. Pengo limepata maelezo yake. Uliouona kuwa ustadi wa meneja ulikuwa ni mwaka mzuri wa kampuni ndogo, ukipunguzwa ada yake. Aliongoza kwa sababu jedwali lile lilichanganya mifuko ya kila aina, na mwaka ule kampuni ndogo ndizo zilizopanda. Mwaka zitakaposhuka, mfuko huohuo utaonekana mkiani, na meneja hatakuwa amepungukiwa akili.

Hii ni kawaida ya majedwali ya washindi. Kileleni mara nyingi wanakaa waliolundika fedha mahali pamoja, kwa sababu aliyezitawanya hawezi kupata 42 kwa mwaka. Na mkiani wanakaa watu wa aina hiyohiyo. Usishangae kuukuta mfuko mmoja juu mwaka huu na chini mwaka ujao. Simaanishi kwamba aliyeongoza lazima aanguke. Wapo wanaoendelea kupanda mwaka wa pili pia. Ninachosema ni kwamba nafasi yake kwenye jedwali haikuambii atakwenda wapi. Mark Carhart alichapisha mwaka 1997 utafiti wa mifuko ya hisa ya Marekani, akaona kwamba mwendelezo wa matokeo kutoka mwaka hadi mwaka unaelezwa kwa sehemu kubwa na gharama za mifuko na mwenendo wa hisa zenyewe, si kipaji cha wachaguzi. Mwendelezo uliobaki bila maelezo ulikuwa zaidi kwa mifuko mibovu kabisa kuendelea kuwa mibovu. Ada unaijua kabla hujaingia. Mapato ya mwakani huyajui. Mtu akichagua kwa kile anachokijua ana nafuu.

Sasa nikupe kisa cha kweli, kwa sababu kinafanana na chako kwa ukubwa usio na kifani. Marekani kulikuwa na mfuko unaoitwa CGM Focus, ukiendeshwa na Ken Heebner. Katika muongo ulioishia 2009 ulipata wastani wa asilimia 18.2 kwa mwaka, na ukahesabiwa kuwa mfuko bora wa hisa wa aina yake Marekani kwa muongo mzima. Mtu akisikia hivyo anadhani waliokuwemo wote walitajirika. Kampuni ya uchambuzi ya Morningstar ikafanya hesabu ya pili: si dola iliyokaa muongo mzima, bali dola halisi za wateja, kwa kufuata lini ziliingia na lini zilitoka. Mteja wa kawaida wa mfuko huo alipoteza kama asilimia 11 kwa mwaka.

Inawezekanaje mfuko ukapata na wateja wake wakapoteza? Tazama miaka miwili tu. Mwaka 2007 mfuko ulipanda asilimia 80. Habari zikaenea, na katika mwaka uliofuata wateja wakamwaga ndani dola bilioni 2.6. Mwaka 2008 mfuko ukaanguka asilimia 48. Aliyekuwemo tangu mwanzo wa 2007 alikuwa na 100, ikawa 180, ikarudi karibu 94, ameumia kidogo. Aliyeingia mwanzoni mwa 2008 kwa sababu ya ile 80 alibaki na 52 katika kila 100, na ili arudi alipoanzia alihitaji kupanda kwa asilimia 92. Na wengi hawakusubiri. Baada ya anguko walitoka, wakati bei iko chini. Asilimia 80 walipata watu wachache waliokuwemo kimya kabla ya habari, na 48 wakagawana watu wengi walioitikia habari.

Kwa hiyo ukisoma asilimia 42, ujue ni mapato ya kipande kilichokuwa na mwenyewe kuanzia Januari hadi Desemba. Fedha zako hazikuwepo. Hata leo, kipande kikiwa 121, mfuko unaweza kuandika bila kusema uongo kwamba umepanda asilimia 21 tangu jedwali lilipoanza, wakati wewe umeshapoteza karibu asilimia 15. Taarifa zote mbili ni sahihi, na yako ndiyo itakayolipa ada.

Hapo nifike kwenye lile la ofisini, ambalo nadhani ndilo lililokuuma zaidi. Najua uchungu wa kukaa mezani watu wanahesabu faida na wewe huna la kusema. Lakini sikiliza vizuri yale mazungumzo. Mtu husema mfuko wake umepata asilimia ngapi. Ni nadra aseme aliingia mwezi gani, kwa bei gani, na ni sehemu gani ya akiba yake. Waliopata wanaongea, waliopoteza wananyamaza. Nina hakika wewe mwenyewe hujasimama ofisini ukatangaza hiyo 121. Sasa fikiria wako wangapi kama wewe katika chumba hichohicho. Wakikutajia ule mfuko wa 38, waulize kwa upole mambo mawili tu: uliingia lini, na uliweka kiasi gani? Utakuta wengi waliingia majuzi, na baadhi hawajaingia kabisa, wanapanga kama wewe.

Tuje kwenye 142. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jaribio lao mwaka 1974. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, wakawauliza wakadirie ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Gurudumu liliposimama kwenye 10, makadirio ya katikati yalikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, yakawa 45. Namba isiyohusika hata kidogo na swali ilivuta majibu upande wake. Tunatia nanga kwenye namba ya kwanza tunayoiona, kisha tunasogea kidogo tu kutoka hapo.

Wewe umetia nanga mara mbili. Nanga ya kwanza ni ile 42: baada ya kuiona, 9 yako ikaonekana aibu, ingawa siku moja kabla ilikuwa inatosha kabisa kwa ada ya binti. Mpango wako haukuwahi kuhitaji 42. Nanga ya pili ni 142. Hiyo ni bei ya siku uliyolipa, basi. Hisa zilizomo ndani ya mfuko hazijui ulilipa ngapi, na soko halina deni la kukurudishia. Kutoka 121 hadi 142 ni kupanda kwa asilimia 17.4. Kwa mwendo wa mfuko huu wa asilimia 7.3 kwa mwaka, ukienda bila kuyumba, ni miaka miwili na miezi kadhaa. Na hatujaona mfuko huu ukienda bila kuyumba. Wewe una mitatu. Ukisubiri 142 ndipo uamue, umeiachia namba moja ya bahati sehemu kubwa ya muda ulionao.

Swali la kujiuliza badala ya hilo ni hili: kama usiku huu vipande vyako vyote vingeuzwa na asubuhi ukakuta fedha taslimu kwa bei ya 121, je, ungezichukua fedha za ada ya miaka mitatu ijayo ukanunue mfuko wa kampuni ndogo wenye ada ya 2.5, ulioshuka 12 mwaka mmoja na karibu 15 mwaka huu? Nadhani jibu unalo. Kama usingenunua, basi kubaki ni kununua upya kila asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu: uza vipande vya hisa vilivyobeba fedha za ada, uzirudishe kwenye mfuko wa mchanganyiko, na zile za mwaka wa kwanza wa chuo ziweke mahali patulivu zaidi, kama mfuko wa ukwasi au amana ya muda maalumu, kwa sababu hata mfuko wa mchanganyiko hupata mwaka mbaya. Nisieleweke vibaya. Sikutoi kwa kuwa bei imeshuka. Ningekuambia hivihivi kama ingekuwa 160, maana kinachoamua ni tarehe ya ada. Kama zingekuwa fedha za kustaafu miaka ishirini mbele, huenda ningekuambia ubaki kwenye hisa, na tungezungumzia tu mfuko wenye ada ndogo zaidi.

Karatasi inasema kutoka kabla ya mwaka kutimia kunatozwa asilimia 1. Kwa bei ya leo ni 1.2 hivi katika kila kipande. Inauma, lakini mfuko huu unaweza kupoteza kiasi hicho kwa siku moja, kwa hiyo usiifanye kuwa sababu ya kungoja. Kama uko kwenye mwezi wa mwisho kabla ya mwaka kutimia, hapo ni halali kuvumilia wiki chache. Ulizia pia kama kuna kodi kwenye uhamisho, na kama mfuko wa mchanganyiko unatoza ada ya kuingia upya. Kwenye fomu ya kuuza jaza idadi ya vipande na tarehe. Ukiweka sharti la bei, umeirudisha nanga kwa mlango wa nyuma.

Ukishindwa kabisa kuuza vyote kwa mara moja, na najua mkono unaweza kukataa, gawa mara tatu: theluthi leo, theluthi mwezi ujao, theluthi mwezi unaofuata, kwa tarehe zilizoandikwa sasa hivi na kukabidhiwa mwenzi wako au mtu mwingine unayemwamini. Kihesabu si bora kuliko kuuza mara moja. Faida yake ni kwamba hutaamua upya kila bei inapoyumba, na maamuzi ya kila siku ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Kubadilisha mfuko si dhambi. Ada ikipandishwa, meneja akiondoka pamoja na timu yake, mfuko ukianza kununua vitu tofauti na ulivyoahidi, au tarehe yako ya kuhitaji fedha ikisogea, hama. Hizo ni sababu ambazo unaweza kuziandika kwenye karatasi kabla ya kununua na bado zikawa na maana baada ya miaka miwili. "Umepata 38" haimo katika hizo.

Na kuhusu huo wa 38, sina haja ya kuujua jina. Tafuta karatasi yake ya taarifa, funika kwa kidole safu ya mwaka wa mwisho, kisha usome iliyobaki: miaka iliyotangulia ilileta nini, mwaka mbaya kuliko yote ulishuka kiasi gani, faharisi yake ilifanya nini miaka hiyo, ada ni ngapi. Kisha angalia orodha ya hisa kumi kubwa za mfuko huo na ulinganishe na za mfuko wako wa sasa. Mifuko miwili ya hisa inayovuma wakati mmoja mara nyingi imebeba kampuni zilezile, na ukiwa nayo yote miwili unajiona umetawanya wakati umerundika. Ukikuta kampuni tano au sita zinajirudia, utakuwa umeona kwamba fidia uliyokuwa unaitafuta ingezidisha hatari ileile iliyokushusha kutoka 142.